Jinsi ya kugeuza mazungumzo ya hadithi kuwa posti inayomnasa msomaji kabla ya “See more”

Vipande vya hadithi ninavyotumiwa na waandishi wa huku kwetu, kuanzia Nakuru hadi Busia, hukwama mahali pamoja. Kisa kipo, wasemaji wanazungumza vizuri, na mwisho unauma. Lakini jambo lenyewe linaanza mstari wa kumi na mbili, na mtu aliye ndani ya matatu na simu mkononi hafiki mstari wa kumi na mbili. Anasoma mistari minne, anaona watu wakisalimiana, kidole kinapanda.

Mwongozo huu ni wa kazi moja tu: una kipande kifupi cha hadithi kilichojengwa kwa mazungumzo, unataka kukiweka Facebook au WhatsApp, na unataka mgeni asiyekujua abonyeze “See more”. Nitatumia kipande kimoja tangu mwanzo hadi mwisho ili uone kila mkato unavyofanya kazi.

## Vitu vya kuwa navyo

- Rasimu iliyokamilika, ya maneno 300 hadi 500. Usianze na nusu. Kipande kisicho na mwisho hakiwezi kukuonyesha mwanzo wake uko wapi.
- Wasemaji wawili. Wakiwa watatu, andaa muda zaidi. Wakiwa wanne, tafuta kipande kingine.
- Simu yenye kioo kidogo, ikiwezekana ile ya bei ya chini. Kompyuta inakudanganya kwa sababu mistari yake ni mirefu.
- Karatasi na kalamu.
- Mtu mmoja ambaye hajawahi kuisikia hadithi hiyo. Mtunze, usimsimulie chochote mapema, kwa sababu utamtumia mara moja tu.

## Rasimu tutakayoifanyia kazi

Isome yote kwanza, bila kalamu.

*Ilikuwa Jumapili moja yenye jua kali katika soko la Kibuye mjini Kisumu. Watu walikuwa wengi kama siafu. Pamela, mjane wa watoto watatu, alikuwa ameketi nyuma ya rundo lake la omena akiwaza jinsi maisha yalivyobadilika tangu mumewe Tobias afariki mwezi wa tatu. Mara akamwona shemeji yake, Ouma, akija.*

*“Habari yako, shemeji?” alisema.*

*“Nzuri sana. Habari za nyumbani?” alijibu kwa upole.*

*“Nyumbani ni kwema. Watoto wanaendeleaje?”*

*“Wanaendelea vizuri, ila huyu mdogo ana kikohozi.”*

*“Pole sana. Na biashara?”*

*“Ni hivyo hivyo tu, tunashukuru Mungu.”*

*“Shemeji, uliniambia tulimzika Tobias na simu yake, lakini jana usiku simu hiyo ilinipigia,” alisema kwa mshangao mkubwa.*

Hakuna kosa la sarufi hapa. Mwalimu wa insha angekupa alama nzuri. Lakini simu ya maiti inapiga baada ya maneno 81, na Facebook huonyesha mistari michache ya mwanzo tu.

## Hatua ya 1: Tafuta mstari ambao hauwezi kurudishwa

Chukua kalamu, pigia mstari sentensi moja ambayo ikishatamkwa, hawa wawili hawawezi kuendelea kuwa kama walivyokuwa. Moja tu. Katika rasimu yetu ni ile ya simu. Ouma akishaisema, Pamela ama atakiri ama atadanganya, na vyovyote vile soko la Jumapili limeisha.

Sababu ya kuanza hapa ni kwamba waandishi wengi hudhani mstari unaonasa ni mstari wenye maneno makali. Sivyo. Kinachomshika msomaji ni hali inayobadilika mbele ya macho yake. Matusi yanaweza kutupwa mistari kumi na hali ikabaki ile ile.

Sasa hesabu maneno yaliyotangulia mstari huo. Yakizidi 40, kazi ipo.

Jihadhari na kipande ambacho hakina mstari wa namna hiyo kabisa. Hutokea: watu wawili wanakumbuka ya zamani, wanacheka, wanaagana. Hicho kinaweza kuwa sehemu nzuri ya hadithi ndefu, lakini posti hakitakuwa. Kiache kwenye daftari, usikilazimishe.

Umefaulu ikiwa unaweza kueleza kwa pumzi moja, “Kabla ya mstari huu, Pamela aliamini Ouma hajui kuhusu simu, baada yake, haamini.”

## Hatua ya 2: Kata salamu, lakini usiwafanye watu wako wakosefu wa adabu

Hapa ndipo penye uzito, na ndipo ninapopingwa zaidi. Mwandishi huniambia, “Lakini shemeji hawezi kufika bila kusalimia. Huo si utu wetu.” Ni kweli. Kibuye hakuna mtu anayekuja kwako na neno zito kabla ya kukuuliza habari za nyumbani. Kumfanya Ouma aruke salamu ni kumfanya awe mtu wa kuja, na msomaji wa Kisumu atalihisi hilo hata kama hawezi kulieleza.

Kwa hiyo salamu zilikuwapo, ila sisi tumefika baada yake. Ingia kwenye kipande wakati salamu zimekwisha na mtu ameshindwa kuendelea kuzunguka. Msomaji hajui walisalimiana wala hajali. Anachosikia ni sauti ya mtu ambaye tayari amekaa hapo dakika kadhaa akitafuta pa kuanzia. Neno kama “kweli”, “tena”, “basi” au “bado” katika mstari wa kwanza hufanya kazi hiyo peke yake. Ukisoma “Bado unamngoja?” unajua kuna mazungumzo yaliyotangulia, na huhitaji kuyasikia.

Kuna salamu moja tu ya kubakiza: ile iliyovunjika. Mtu akisalimia na asijibiwe, au akijibiwa neno lisilolingana, salamu hiyo imekuwa tukio, na inaweza kuwa mstari wako wa kwanza. Lakini hakikisha ni salamu ya mahali hapo. Huku kwetu “shikamoo” na “marahaba” ni za pwani na za vitabuni. Ukiziweka mdomoni mwa muuza omena wa Kibuye, umempeleka Lamu bila nauli.

Kata pia hali ya hewa, umri, idadi ya watoto na siafu. Sisi tuliofanya KCPE tulifundishwa kufungua insha kwa jogoo na jua. Mtahini alilipwa kusoma hadi mwisho. Msomaji wako halipwi.

Usitupe ulichokata. Kihamishie kwenye karatasi. Kifo cha mwezi wa tatu kitahitajika baadaye. Kikohozi hakitahitajika.

Umefaulu ikiwa mstari wa kwanza uliobaki ni sauti ya mtu, na mstari usiorudishwa haupo mbali zaidi ya mistari mitano kutoka hapo.

## Hatua ya 3: Acha ngeli ifiche kitu

Kiswahili kina chombo cha kunasa ambacho hatukitumii vya kutosha. Ukisema “umeileta?” umetaja kitu bila kukitaja. Msikilizaji anajua si mtu, maana ungesema “umemleta”. Anajua si kisu wala cheti, maana ungesema “umekileta”. Anajua nusu, na nusu nyingine inamkera.

Ouma kwenye rasimu anataja kila kitu kwa mpigo: Tobias, mazishi, simu, usiku. Sentensi yake ni ya mtu anayemweleza polisi. Mtu anayezungumza na shemeji yake kuhusu jambo ambalo wote wawili wanalijua hasemi hivyo. Anasema:

“Shem, kweli tulimzika nayo?”

Maneno manne. “Tulimzika” inatupa maiti na inatuambia hawa wawili walikuwa kwenye mazishi. “Nayo” inaficha kitu. “Kweli” inaleta shaka. “Shem” inatuambia wao ni nani kwa nani. Hakuna maelezo hata moja, na hakuna kilichobuniwa kwa ajili ya msomaji; ndivyo mtu angeuliza.

Pima kila mstari wa kwanza kwa swali hili: je, msemaji anamwambia mwenzake jambo ambalo mwenzake tayari analijua? Akifanya hivyo, anazungumza na msomaji kwa mgongo wa mwenzake. Badilisha nomino iwe kiambishi, uone kinachobaki.

Chombo hiki kina mpaka, nao ni mfupi. Ukificha kitu kwa zaidi ya mistari mitano au sita, msomaji anaacha kuwa na hamu na anaanza kuona kuwa unamchezea. Pia usifiche vitu viwili kwa wakati mmoja. “Ulimpa ile niliyokuambia?” ina watu na vitu vingi mno gizani, na giza tupu halivuti mtu. Ficha kimoja, angaza vingine.

## Hatua ya 4: Mjulishe msomaji nani anasema

“Alisema” ya Kiswahili haituambii kama ni mwanamume au mwanamke. Rudi kwenye rasimu uangalie: “Habari yako, shemeji?” alisema. Nani? Wote wawili ni shemeji kwa mwenzake, na wote wawili ni “a-”. Msomaji anarudi juu kuhesabu zamu, na anaporudi juu umeshampoteza.

Nimeona waandishi wakitibu hili kwa kuandika jina kila mstari: Ouma alisema, Pamela alijibu, Ouma aliuliza. Inaeleweka, lakini inasomeka kama kumbukumbu za mkutano wa chama.

Dawa ya kwanza ni mwito. Huku kwetu watu huitana kwa uhusiano wao, na mwito mmoja hufanya kazi ya sentensi tatu: shem, mathe, baba Brayo, mwalimu, kastoma. Tumia mwito mara moja katika mistari miwili ya kwanza, kisha uache. Ukirudia “shem” kila mstari, mazungumzo yanakuwa ya jukwaani. Urudishe baadaye mahali pamoja tu, pale ambapo anayeita anahitaji undugu huo umsaidie.

Dawa ya pili, ambayo mimi naitegemea zaidi, ni mikono. Mpe kila msemaji kitu chake kimoja mkononi. Fikiria gereji kule Nakuru, karibu na uwanja wa Afraha: fundi ana spana, mteja ana ufunguo wa gari. Ukiandika “Spana ikasimama” kisha nukuu, hakuna haja ya “fundi akasema”. Na kitu hicho kinasema zaidi ya jina. Spana inayosimama katikati ya kazi ni mtu aliyesikia jambo.

Kwetu hapa Pamela ana gorogoro ya kupimia omena, Ouma ana simu yake. Gorogoro inamfaa Pamela kwa sababu ni kazi isiyohitaji macho wala mawazo. Anaweza kujificha ndani yake. Siku itakapobaki hewani, msomaji atajua kabla ya kuambiwa.

Ukishafanya hivyo, futa “kwa upole”, “kwa mshangao mkubwa”, “kwa hasira”. Kama mshangao haumo kwenye maneno yenyewe, kuutaja hakutauleta.

Umefaulu ikiwa unaweza kuziba kwa kidole majina yote chini ya mstari wa tatu, na bado ukajua nani ni nani.

## Hatua ya 5: Mahali patajwe kwa kitu, si kwa anwani

Hatua fupi. “Soko la Kibuye mjini Kisumu” inaondoka, kwa sababu omena na gorogoro zimeshatuweka Nyanza. Ukiongeza jina la mahali, liwe mdomoni mwa msemaji mwenye sababu ya kulitaja.

Neno la lugha ya nyumbani linaruhusiwa, lakini liwe moja na lieleweke kwa hali. “Yawa!” ya mtu aliyeshtuka haihitaji tafsiri hata kwa msomaji wa Tanga. Sentensi nzima ya Kijaluo au Kiluhya katika mistari ya kwanza itamfunga mlango asiyeijua, na ukiweka tafsiri kwenye mabano umekata pumzi ya mazungumzo.

## Hatua ya 6: Jibu swali dogo, fungua kubwa

Tayari tuna swali dogo: walimzika na nini? Kosa la kawaida ni kudhani swali hilo litambeba msomaji hadi mwisho. Halitambeba. Ni la kumfikisha mstari wa tano tu. Mstari wa tano ujibu swali hilo, na jibu lenyewe lizae swali zito kuliko la kwanza.

Huu ndio mwanzo wetu mpya:

*“Shem, kweli tulimzika nayo?”*

*Pamela akaendelea kujaza gorogoro. “Nilikuambia.”*

*“Sema tena.”*

*“Niliiweka mwenyewe, kwenye mfuko wa koti lake.”*

*Ouma akalaza simu yake juu ya omena, kioo kikimwelekea. “Basi soma jina la aliyenipigia jana saa tano usiku.”*

*Lilikuwa la Tobias.*

Neno la mwisho la Ouma linafika kwenye neno la 36, badala ya kuanza baada ya 81. Angalia jinsi swali dogo linavyojibiwa bila mtu kujibu: Ouma analaza simu yake, na papo hapo tunajua kile kilichozikwa ni simu. Wakati huohuo swali kubwa linasimama: nani alipiga? Na nyuma yake liko jingine ambalo ndilo moyo wa kipande chote: kwa nini Pamela alidanganya?

“Niliiweka mwenyewe” nayo ina kazi. Uongo wenye maelezo mengi kuliko yaliyoulizwa husikika. Hakuna aliyemuuliza ni mfuko upi.

Onyo moja hapa, na ninalisema kwa sababu nimeona posti nzuri zikifa nalo. Usifungue kwa jambo la kutisha ambalo hadithi haina nia ya kulilipa. Kama simu ya maiti imepiga, lazima tujue nani aliibonyeza, ndani ya kipande hikihiki. Ukimalizia na “itaendelea” hapo kwenye jina la Tobias, utapata maoni mengi siku hiyo, na wiki ijayo watu hao hao hawatabonyeza.

## Hatua ya 7: Jaribu kwenye simu kabla ya watu kuona

Facebook hukata posti ndefu na kuweka “See more” baada ya mistari michache. Idadi yake hubadilika kulingana na simu, ukubwa wa herufi na kama umeweka picha, kwa hiyo usitegemee hesabu ya mtu mwingine. Weka posti kwenye ukurasa wako, chagua “Only me”, kisha iangalie kwa simu ndogo. Pima inapokatwa.

Unachotaka ni mkato uangukie kati ya “saa tano usiku” na “Lilikuwa la Tobias”, au mstari mmoja juu yake. Ukikatwa baada ya “Sema tena”, una mistari mitupu mingi mno. Nafasi tupu kati ya nukuu hurahisisha kusoma, lakini nayo huhesabiwa. Ondoa nafasi mbili za juu, acha za chini.

Ukiridhika, futa posti ya majaribio na uiweke upya kwa watu wote, iwe na tarehe na saa mpya.

WhatsApp ina mtego wake. Waandishi wengi hutumia kistari badala ya alama za kunukuu, hivi:

```
- Shem, kweli tulimzika nayo?
- Nilikuambia.
```

Kistari na nafasi mwanzoni mwa mstari hugeuzwa na WhatsApp kuwa orodha yenye vitone, na mazungumzo yako yanafanana na orodha ya bidhaa za duka. Tumia alama za kunukuu. Jaribu kwa kujitumia ujumbe mwenyewe kupitia “Message yourself”. Angalia pia arifa inavyoonekana kabla ya kufunguliwa: ni maneno machache ya mwanzo tu, kwa hiyo usiweke kichwa cha hadithi, jina lako na “Sehemu ya Kwanza” juu. Viweke chini kabisa.

## Hatua ya 8: Msomee mtu mistari sita, kisha unyamaze

Sasa mtumie yule uliyemtunza. Msomee kwa sauti hadi “Lilikuwa la Tobias”, kisha funga simu. Usiulize kama ameipenda. Atakuambia ndiyo kwa sababu ya adabu. Ngoja tu.

Akiuliza “Sasa nani alipiga?” kazi imekamilika. Akiuliza “Tobias ni nani?” uhusiano haujashika: rudi hatua ya 4 uangalie mwito. Akiuliza “Walimzika na nini?” kitu ulichokificha kimebaki gizani mno: rudi hatua ya 3. Akisema “Nzuri sana, endelea kuandika,” rudi hatua ya 1, na umtafute mtu mwingine, maana huyu sasa anaijua hadithi.

## Hatua ya 9: Malizia chini ya mkato

Msomaji akishabonyeza, unadaiwa. Vile ulivyovikata kwenye hatua ya 2 sasa vinapata nafasi, lakini kila kimoja kiingie kama jibu, si kama maelezo. Kipande chetu kinaendelea hivi:

*“Mtandao husumbua,” Pamela akasema.*

*“Nilipokea, shem.”*

*Gorogoro ikabaki hewani. “Ukasikia nini?”*

*“Mtoto. Hakutaja jina. Akaniomba niseme, ‘Brayo, lala sasa.’”*

*Pamela akamwaga omena pembeni ya mfuko. Hakuziokota.*

*“Mlikuja mwezi wa tatu,” akasema. “Mkachukua pikipiki. Mkachukua redio. Ningesema ninayo, mngeniachia?”*

*Ouma akaichukua simu yake, akaifuta magamba kwa shati.*

*“Sauti yako inafanana na yake kwenye simu,” Pamela akasema. “Mimi nilishaizoea. Yeye ndiye ameligundua jana.”*

*“Sikujua ni yeye.”*

*“Ulisema alivyoomba?”*

*“Nilikata.”*

*Kastoma akasimama, akauliza bei. Pamela akamjazia hadi pomoni, akafunga mfuko fundo mbili, akapokea pesa. Kisha akamgeukia Ouma kwa mara ya kwanza.*

*“Atapiga tena leo, saa tano. Usikate.”*

Mwezi wa tatu umerudi, lakini sasa ni shtaka. “Shem” imerudi mara moja, pale Ouma anapohitaji kuaminiwa. Watoto watatu wamekuwa Brayo mmoja. Hatujaambiwa Pamela ni mjane hata mara moja.

Nimesimama kwenye “Usikate” kwa sababu hapo uamuzi unahamia kwa Ouma na hakuna neno la Pamela lililobaki. Rasimu yangu ya awali ilikuwa na mistari mitatu zaidi, Ouma akitembea kuelekea Kondele akilia. Niliifuta. Kama atapokea au hatapokea ni jambo ambalo wasomaji watabishania kwenye maoni, na ukiona wanabishania hilo badala ya kukuuliza sehemu ya pili, usiingie kuwaamulia. Jibu wanaouliza omena ni bei gani, hao wengine waache waendelee.